Methali Nne za Kumfariji Aliyevunjikiwa na Uchumba: Ipi kwa Nani, na Wakati Gani

Mtu akifiwa, lugha yetu inamsaidia hata jirani asiyejua kusema. Anaingia, anavua viatu, anasema "poleni, kazi ya Mungu haina makosa", anakaa mkekani, na hayo yanatosha. Uchumba ukivunjika hakuna mkeka unaotandikwa. Hakuna siku tatu za matanga wala maneno yaliyozoeleka, ilhali mtaa mzima unajua kwamba barua ya posa ilijibiwa, kishika uchumba kilipokewa na siku ya harusi ilikwisha tajwa. Kwa hiyo rafiki anayekwenda kutoa pole huazima maneno kutoka kwenye mambo mengine, na mara nyingi huchukua lililo karibu na ulimi badala ya linalofaa.

Makala haya yanalinganisha methali nne ambazo, kwa maoni yangu, zinaweza kusemwa mbele ya aliyevunjikiwa na uchumba bila kumtwika lawama na bila kumsukuma. Kila moja ina kazi yake: ya kwanza inakiri maumivu, ya pili inapunguza kujilaumu, ya tatu inageuka kuwa tendo, na ya nne inagusa kesho. Anayesita kati yake hana haja ya kutafuta iliyo bora kuliko zote, kwa kuwa methali iliyomtuliza mtu siku ya kumi ndiyo hiyo hiyo iliyomkera siku ya kwanza.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza ni lawama: maneno haya yanamwachia nani kosa? Hapa inafaa kusikiliza hata kitenzi chenyewe. Kiswahili kinaweza kumficha mtendaji bila kusema uongo. Tukisema "uchumba umevunjika", hatujasema ni nani aliyeuvunja. Tukisema "umevunjwa", tayari yuko mtu nyuma ya tendo, na tukisema "umeachwa", tumemfanya rafiki yetu kuwa kama mzigo uliotuliwa njiani. Mfariji mwangalifu hubaki kwenye "umevunjika" na "hayakuwa", hata kama anajua kisa chote.

Kigezo cha pili ni wakati: maneno yanasimama leo, jana au kesho? Aliyepata habari jioni hii hana kesho ya kuzungumzia. Kigezo cha tatu ni nafasi ya kujibu, yaani iwapo methali inafungua mazungumzo au inayafunga. Methali nyingi ziliundwa kufunga mjadala, na hiyo ndiyo nguvu yake barazani. Mbele ya mtu anayelia, nguvu hiyo hugeuka kuwa mlango uliobamizwa.

Kwa vigezo hivyo, baadhi ya methali zinaanguka mapema. "Msiba wa kujitakia hauna kilio" inamnyima mtu hata haki ya machozi. "Mchagua nazi hupata koroma" inamwambia kwamba aliringa. "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo" haina lawama, lakini inayaita yamepita mambo ambayo kwake bado yanatokea. Kuna pia kauli isiyo methali ambayo pengine husemwa kuliko zote, "Mungu amekuepusha". Nia yake ni njema, ila inamlazimisha rafiki akubali papo hapo kwamba mtu aliyempenda hadi jana alikuwa shari. Tena wachumba huweza kupatana baada ya wazee kuketi, na siku hiyo aliyesema maneno hayo hatakuwa na pa kuweka uso.

1. "Adhabu ya kaburi aijua maiti"

*Lawama.* Haimlaumu yeyote. Inachosema ni kwamba ajuaye uchungu ni yule uliyemfika, na kwa hiyo msemaji anakiri kwamba hajui. Ni kinyume cha "najua unavyojisikia", kauli ambayo humfanya msikilizaji aanze kupima kama kweli unajua, na kwa kawaida akaona hujui.

*Wakati.* Inasimama leo. Haina ahadi wala agizo, ndiyo maana inaweza kusemwa hata saa ya kwanza.

*Nafasi ya kujibu.* Ni kubwa. Ukiisema kisha ukanyamaza, mwenzako anaweza kukueleza adhabu hiyo ikoje au anaweza kunyamaza pamoja nawe. Huharibika pale msemaji anapoongeza "lakini" mbele yake. "Adhabu ya kaburi aijua maiti, lakini jikaze" si faraja tena. Nusu ya pili imeifuta ile ya kwanza.

*Inamfaa na isiyemfaa.* Inamfaa aliyeshtushwa, hasa anayezungukwa na watu wanaomwambia kwamba jambo hili ni dogo. Haimfai aliyezika mtu wa karibu hivi majuzi, kwa sababu maneno *kaburi* na *maiti* yatampeleka kwingine. Na rafiki akianza kusema kwamba anatamani kufa, methali hii na nyingine zote ziwekwe kando: asiachwe peke yake, ndugu anayemwamini aitwe, na apelekwe kwa mhudumu wa afya siku hiyo hiyo.

Ipo methali ya ukoo mmoja na hii ambayo ni nyepesi zaidi: "Siri ya mtungi aijuaye kata." Nayo inasema kwamba aliye ndani ndiye ajuaye, ila haina harufu ya kifo. Naiona inamfaa hasa yule aliyeuvunja uchumba yeye mwenyewe, kwa kuwa naye anahitaji pole, na mara nyingi hapewi. Inamwambia kwamba hatadaiwa maelezo. Pengine mtu angefikiri kwamba "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake" ingefanya kazi ile ile, na kimaana ingeweza. Lakini kumtajia kitanda msichana ambaye uchumba wake umevunjika, hasa shangazi zake wakiwa chumba cha pili, ni kuzua fumbo ambalo hukulikusudia.

2. "Chombo cha kuzama hakina usukani"

*Lawama.* Hii ndiyo methali iliyo karibu zaidi na jambo letu, kwa sababu inagusa swali linalomnyima mtu usingizi: "Nilikosea wapi?" Inajibu kwamba chombo ambacho kuzama kumekwisha andikwa hakiokolewi na nahodha hata awe hodari vipi. Nahodha hatajwi kabisa, na kwa hiyo halaumiwi.

Tazama ilivyoundwa. "Chombo cha kuzama" ni chombo ambacho mwisho wake ni kuzama. Muundo huo huo uko katika "Sikio la kufa halisikii dawa", nao unatoa maana iliyo mbali kabisa, kwa sababu sikio lilipewa dawa likakataa: hapo yuko mtu aliyeonywa. Uko pia katika "La kuvunda halina ubani", ambapo kitu chenyewe kimeoza na harufu yake haifichiki. Methali hizi tatu hukaa karibu kichwani kwa kuwa zina mwendo mmoja, na mfariji mwenye haraka huweza kutoa ya pili au ya tatu akidhani ametoa ya kwanza. Ya kwanza pekee ndiyo inayomwacha mtu msafi.

*Wakati.* Inasimama jana. Inaeleza kilichokwisha tokea, na hivyo inahitaji msikilizaji aliyeanza kuangalia nyuma. Siku ya kwanza mtu bado hajaamini kwamba chombo kimezama. Kumwambia hivyo ni kumpa habari mara ya pili. Isubiri mpaka yeye mwenyewe aanze kuhesabu: "Labda ningekwenda Pangani kumsalimia mama yake", "labda nisingesema lile neno".

*Nafasi ya kujibu.* Ni ya wastani. Wengine hupumua wakasema "ni kweli", kisha wakaendelea kueleza. Wengine huisikia kama kufungiwa hesabu kabla hawajaimaliza.

*Inamfaa na isiyemfaa.* Inamfaa anayejilaumu kwa mambo madogo ambayo hayawezi kuwa chanzo cha kweli. Haimfai anayetumaini bado kupatana, kwani kwake chombo kinaelea. Wala isitumiwe pale uchumba ulipovunjika kwa kipigo au kwa udanganyifu uliothibitika. Hapo kosa lina mwenyewe, na kusema kwamba usukani haukuwapo ni kumsafisha asiyestahili. Hilo ni upungufu wa kweli wa methali hii, na wanaoipenda, nami nikiwa mmoja wao, huusahau.

3. "Mgonjwa haulizwi uji"

*Lawama.* Haina. Ugonjwa haumfanyi mtu kuwa mkosaji.

*Wakati.* Ni leo, na zaidi ni saa hii.

*Nafasi ya kujibu.* Hapa kigezo chetu kinageuka kidogo, kwa kuwa methali hii haisemwi sana kwa mgonjwa mwenyewe. Ni kanuni anayojiambia mhudumu. Swali la "nikusaidie nini?" lina adabu, lakini linampa kazi mtu asiye na nguvu ya kufikiri, na jibu lake huwa "hamna, niko sawa". Mgonjwa haulizwi uji. Hupikiwa, akawekewa karibu, akinywa akiacha ni hiari yake.

Uji wa uchumba uliovunjika unajulikana. Kuna daftari la michango ya harusi lenye majina ya watu watakaotaka kujua fedha zao zimefika wapi. Kuna fundi aliyekwisha kata kitambaa, malipo ya awali ya ukumbi, na kanga za sare ambazo baadhi ya wageni wamekwisha zilipia. Kuna kundi la simu la kamati ya harusi ambalo kila likilia linamchoma. Rafiki anaweza kumwomba mwenyekiti wa kamati alifunge kundi kwa ujumbe mmoja mfupi, "Shughuli haitakuwapo, fedha zitarejeshwa, tunaomba familia isipigiwe simu", akaenda kwa fundi mwenyewe, na akakaa na mweka hazina kupitia daftari jina kwa jina.

*Inamfaa na isiyemfaa.* Inamfaa karibu kila mtu katika wiki ya kwanza, na inamfaa zaidi mfariji asiye hodari wa maneno. Mpaka wake ni mmoja, nao hauvukwi: pete, mahari na zawadi za familia si uji. Hivyo hurudi, au havirudi, kwa njia ya mshenga na wazee, na rafiki akivigusa bila kuagizwa anaweza kuzusha ugomvi. Vivyo hivyo kwa madai. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika vifungu vya 69 na 71, inaruhusu kudai fidia ya hasara iliyopatikana kwa kuvunjwa ahadi ya ndoa, na kudai kurudishiwa zawadi zilizotolewa kwa sharti kwamba ndoa itafungwa. Ni vyema rafiki alijue hilo, akae nalo, na alitaje pale tu atakapoulizwa. "Mshitaki!" ni ushauri wa haraka hata ukiwa na kifungu nyuma yake.

4. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi"

*Lawama.* Kwa sarufi haina: koleo limevunjika, hakuna anayetajwa kuwa amelivunja. Kwa maana, hata hivyo, ina mwiba mdogo. Koleo ni kifaa, na mhunzi hununua jingine. Anayempenda bado aliyeondoka atasikia mpenzi wake akifanywa chombo cha kazi. Wengine husema "kuvunjika kwa mwiko si mwisho wa mapishi", na jikoni mwiba huo husikika zaidi, kwa sababu miko huwa mingi.

*Wakati.* Ni kesho, na hapo ndipo watu wengi hukosea. Wanaitoa siku ya kwanza kwa kuwa ina matumaini, kumbe matumaini yasiyoombwa ni namna ya kusema "nyamaza sasa".

*Nafasi ya kujibu.* Ni ndogo, kwa sababu imekwisha hitimisha. Inaweza kupanuliwa kwa desturi tuliyo nayo ya kusema nusu ya methali na kumwachia mwenzako nusu nyingine. "Kuvunjika kwa koleo..." ikisemwa hivyo na kukatishwa, msikilizaji ana hiari. Akimalizia yeye, uhunzi ni wake. Akikaa kimya, basi siku yake haijafika, nawe hukumsukuma.

*Inamfaa na isiyemfaa.* Inamfaa aliyekwisha anza kutaja mipango yake mwenyewe: chuo, biashara, safari, hata posa nyingine. Kwa asiyeanza, iache.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Tuchukue mwanamke wa Tanga, mtaa wa Ngamiani. Posa yake ilijibiwa katika mwezi wa Rajabu, na ndoa ikapangwa kufungwa wiki ya pili baada ya Idi el-Fitri. Katikati ya Shaabani, jioni ya Alhamisi, mshenga anarudi na ujumbe kwamba upande wa pili umeghairi. Sababu haikutolewa.

Usiku huo shoga yake anafika. Anasema, "Pole, shoga yangu. Adhabu ya kaburi aijua maiti. Nimekuja kukaa tu." Hana la kuongeza, na haulizi sababu, kwa kuwa sababu haipo na swali lingemfanya mwenzake aanze kuibuni. Kesho yake asubuhi anapitia kwa fundi kumwambia asimamishe gauni, kisha anakutana na mweka hazina wa kamati. Hiyo ndiyo siku ya uji.

Siku ya tano mwenzake anasema, "Labda ni kwa sababu nilikataa kuacha kazi." Sasa usukani umetajwa. Shoga anajibu kwa sauti ya chini, "Chombo cha kuzama hakina usukani, shoga." Tuseme jibu linakuwa kali: "Kwa hiyo mlijua kitazama?" Hii ni dalili kwamba methali imesikika vibaya. Dalili nyingine ni mtu kuanza kujitetea bila kushitakiwa, kuanza kumtetea mchumba aliyeondoka, au kusema "ni kweli" upesi mno na kubadilisha mazungumzo. Kosa la kawaida hapo ni kuieleza methali, kufafanua ulichomaanisha, mpaka aliyekuwa anafarijiwa anaanza kukutuliza wewe. Shoga huyu anasema, "Hapana, sikujua. Nimelisema vibaya, niwie radhi," kisha anarudi kwenye kukaa.

Ramadhani inapita na futari zake na wageni wake, na kila mgeni ana jicho la kuuliza. Halafu inafika ile siku ambayo ndoa ingefungwa. Hakuna anayeitaja, lakini iko kwenye kalenda, na pengine ni nzito kuliko Alhamisi ile ya Shaabani. Shoga anakumbuka tarehe, anakuja asubuhi, wanashinda pamoja. Koleo na uhunzi vinakuja wiki kadhaa baadaye, pale mwenzake anaposema kwamba anafikiria kuomba uhamisho wa kazi kwenda Moshi.

Kuchagua kulingana na hali

Ikiwa habari ni ya leo au ya jana, chagua kati ya ya kwanza na ya tatu: ya kwanza kama mwenzako anataka mtu wa kukaa naye, ya tatu kama nyumba imejaa watu na kazi hazina mwenyewe. Kama yeye ndiye aliyeuvunja, shika ile ya mtungi na kata, usiulize zaidi.

Ikiwa anarudia rudia makosa yake madogo, ya pili ndiyo dawa, mradi huna shaka kwamba hangoji kupatana na kwamba hakuna aliyemdhulumu. Ukiwa na shaka juu ya lolote kati ya hayo mawili, baki na ya kwanza, kwa sababu haijengi hoja yoyote kuhusu kilichotokea.

Ikiwa ni mwanamume, jambo ambalo husahauliwa mno, hali hubadilika kidogo. Ndugu zake watazungumza habari za mahari na gharama, na marafiki watamchukua kahawani wamcheke ili asahau. Kwake ya tatu hufanya kazi vizuri: mwende pamoja kurudisha viti vilivyokodiwa, na njiani "pole, ndugu yangu" inatosha. Ya nne ndiyo atakayoisikia kwa kila mtu, basi wewe usiwe wa kumi.

Ikiwa uko mbali na njia pekee ni simu, jihadhari na kuandika methali peke yake. Maandishi hayana sauti, na "Chombo cha kuzama hakina usukani" ikitua kwenye kioo usiku wa manane inasomeka kama kijembe. Piga simu, au rekodi sauti yako, na uanze na pole.

Ikiwa unafikiria kumpelekea kanga, isome mara mbili kabla ya kulipa. Jina la kanga halisomwi na aliyeivaa peke yake. Husomwa na jirani, na husomwa na mawifi ambao hawakuwa mawifi. Chagua yenye dua au shukrani, isiyoweza kugeuzwa kuwa jibu kwa mtu yeyote.